Slaidi 42, dakika 210: mwongozo wa mwezeshaji unaanzia wapi?

*"Nimeachiwa slaidi 42 za warsha ya kushughulikia malalamiko ya wateja, aliyezitengeneza amehama. Warsha inaanza saa 3:00 asubuhi na kuisha saa 6:30 mchana, ina washiriki 24 kwa kila kituo, na itaendeshwa na wawezeshaji wanne katika vituo tofauti. Nimetakiwa niandike mwongozo wa mwezeshaji wenye muda, kazi za vikundi na maswali ya majadiliano. Nimegawa dakika 210 kwa slaidi 42, kila slaidi ikapata dakika 5, na chini ya kila moja nimeandika maelezo ya kusema. Nimefika ukurasa wa 30 na naona kama ninanakili slaidi kwa maneno marefu. Nimekosea wapi? Slaidi nimeziambatisha."*

Hesabu yako imetoka sawa kupita kiasi. 42 mara 5 ni 210 kamili, haikubaki hata dakika moja. Maana yake hakuna mapumziko, hakuna atakayechelewa, na slaidi yenye jina la warsha peke yake imepewa muda uleule uliopewa slaidi ya 17, ile iliyoandikwa "Kazi ya vikundi: jadilini kisa". Nimezipitia zote. Hiyo ya 17 ikifanywa inavyopaswa inakula dakika 40. Ile ya kwanza haifikishi hata dakika moja.

Mwenzako alipotengeneza slaidi zile, nusu ya warsha aliiweka kwenye skrini na nusu akaibakiza kichwani mwake, kwa sababu alijua ni yeye atakayesimama mbele. Alijua pale pa kuwagawa watu, pa kunyamaza, pa kuruka. Amehama na ile nusu yake. Sasa wewe unaitafuta humohumo kwenye slaidi, na kwa kuwa haimo, unaishia kuyarefusha yale yaliyomo. Mwongozo kazi yake ni kuandika ile nusu isiyoonekana: dakika hii washiriki wanafanya nini, wanatoa nini, na mwezeshaji atajuaje kwamba wameshafika.

Fanya jaribio dogo. Chukua ukurasa wowote kati ya hizo 30, funika kila sentensi ambayo ni ya mwezeshaji kusema, kisha soma kilichobaki. Kama hakuna kitu, ukurasa huo ni hotuba.

Kwa hiyo ziweke slaidi pembeni kwa muda na uanze na malengo. Slaidi yako ya 3 inasema washiriki "wataelewa umuhimu wa kumsikiliza mteja". Kuelewa hakuonekani kwa macho, na jambo lisiloonekana huwezi kulitungia kazi wala kulipimia muda. Kwa nilivyozisoma slaidi zako, mambo yanayoweza kuonekana ni matatu. Mshiriki ataweza kurudia lalamiko la mteja kwa maneno yake bila kujitetea. Ataweza kutenganisha lalamiko la kumalizwa palepale na la kupelekwa kwa mkubwa wake. Na ataweza kuongoza mazungumzo na mteja aliyekasirika tangu salamu hadi makubaliano. Hayo matatu ndiyo vipindi vyako vitatu. Ukiona slaidi haikihudumii kipindi chochote kati ya hivyo, hata iwe nzuri namna gani, haina mahali pa kukaa.

Hapo sasa zichapishe slaidi, sita kwa kila karatasi, uzikate na uzitandaze mezani. Mimi hufanya hivi hata leo, ingawa vijana ofisini hunicheka. Kwenye skrini slaidi zimefungwa kwa mpangilio wake na jicho linautii. Mezani unaweza kuzihamisha. Panga mafungu manne: za kuonyesha, za kugeuza kuwa kazi, za kupeleka kwenye kitini, yaani karatasi watakazoondoka nazo washiriki, na za kuondoa. Zako nilizipanga hivi: 14 za kuonyesha, 9 za kugeuza kuwa kazi, 11 za kitini na 8 za kuondoa. Wewe unaweza kupata hesabu nyingine kidogo. Dalili ya slaidi ya kugeuza kuwa kazi ni orodha ambayo washiriki wangeweza kuitaja wenyewe. Slaidi ya 9, "Sababu za wateja kulalamika", ina nukta saba, na watu 24 wanaohudumia wateja kila siku wanazijua zote. Ukiwasomea utawachosha. Waulize wakutajie, kisha ufungue slaidi waone wamekosa ipi.

Kabla ya kuzitupa zile nane, angalia sehemu ya maelezo iliyo chini ya kila slaidi kwenye programu. Kwenye slaidi ya 22 mwenzako ameacha sentensi mbili kuhusu kisa cha mteja aliyetozwa mara mbili. Hiyo ni ile nusu ya kichwani iliyodondoka kwa bahati.

Tukija kwenye muda, anza kwa kutoa, kugawa kutafuata. Una dakika 210. Mapumziko 20. Kufungua na kutambulishana 10. Kufunga, pamoja na fomu ya tathmini, 15. Akiba 15, na hii nakuomba usiione kuwa anasa: ndiyo itakayolipa projekta iliyogoma na watu waliorudi polepole kutoka mapumziko. Zimebaki dakika 150 za kufundishia. Nimevipa vipindi 40, 45 na 65, na cha tatu kimepata zaidi kwa kuwa ndicho chenye igizo dhima. Siku yako inakaa hivi:

3:00–3:10 Kufungua
3:10–3:50 Kipindi cha 1: kusikiliza na kurudia
3:50–4:35 Kipindi cha 2: kumaliza hapa au kupeleka juu
4:35–4:40 Akiba
4:40–5:00 Mapumziko
5:00–6:05 Kipindi cha 3: mazungumzo kamili
6:05–6:15 Akiba
6:15–6:30 Kufunga

Kuna jambo dogo hapa lenye kuleta balaa. Nimeandika saa kwa hesabu yetu ya Kiswahili, lakini kompyuta na simu za wawezeshaji wako zitaonyesha 09:00 pale unaposema saa 3:00. Nimewahi kupokea mwongozo uliochanganya hizo mbili ndani ya jedwali moja, na mwezeshaji mwenzangu akapanga kipindi cha "3:00" kiwe cha alasiri. Chagua moja, uitangaze kwenye ukurasa wa kwanza, uishike hadi mwisho. Na pembeni yake weka muda wa kila hatua kwa dakika, ili kituo kitakachoanza saa 3:20 kisilazimike kupiga hesabu upya mbele ya watu.

Sasa tuifungue hiyo slaidi ya 17, kwa sababu makosa mengi ya muda hutokea kwenye kazi za vikundi. Tunaandika "kazi ya vikundi, dakika 15" tukiwaza zile dakika watu wanazozungumza, tukisahau yanayozitangulia na yanayozifuata. Washiriki 24 kwa vikundi vya watu 4 ni vikundi 6. Kuhesabiana, kubeba viti na kukaa: dakika 4. Kusikia maelekezo na kusoma kisa: dakika 4. Kazi yenyewe: 12. Mpaka hapo ni 20. Halafu kunakuja kula muda kwenyewe, yaani mrejesho. Kila kikundi kikiwasilisha kwa dakika 3, na dakika 1 ikapotea kwa kwenda mbele, kubandika karatasi na kupigiwa makofi, vikundi 6 ni dakika 24. Ongeza majadiliano ya dakika 10, umefika 54, na kipindi chote kina 45. Isitoshe, kikundi cha nne kikisimama kinasema yaleyale ya cha kwanza, na walioketi wanachungulia simu.

Angalia kilichotokea katika hesabu hiyo. Muda wa kazi haubadiliki hata vikundi viwe vingapi, kwa kuwa vyote vinafanya kwa pamoja. Muda wa mrejesho unapanda kwa kila kikundi kinachoongezeka. Kwa hiyo kwenye mwongozo usiandike ukubwa wa kikundi peke yake, andika idadi ya vikundi: visizidi 6. Kituo kikipata watu 36, ongeza watu ndani ya kikundi wafike 6, usiongeze kikundi.

Mrejesho una njia tatu na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni hiyo ya wote kuwasilisha. Inafaa pale tu ambapo kila kikundi kimepewa kisa tofauti. Ya pili ni kubandika karatasi za bango kitita ukutani na watu kuzitembelea. Inawaamsha watu, lakini ukumbi mdogo wenye viti vya kubanana hauiruhusu, na kwa kuwa wawezeshaji wako wako vituo tofauti, hujui kumbi zao. Ya tatu ni kikundi kimoja kuwasilisha chote kwa dakika 3, kisha vingine vitano vikasema tu walipotofautiana, dakika 1 kila kimoja. Ni dakika 8, weka 10. Kwako nachagua hii ya tatu. Kasoro yake ni kwamba kikundi chenye haya kitasema "sisi tuko sawa na wao" na kukaa. Dawa ni maelekezo: kila kikundi kiambiwe tangu mwanzo kichague lalamiko moja ambalo wanakikundi walibishania, na hilo ndilo watakalolisema.

Maelekezo hayo yaandike neno kwa neno. Hapa ndipo ninapotofautiana na zile kurasa zako 30: umeandika neno kwa neno maelezo ya somo, ambayo mwezeshaji anayejua kazi atayasema vizuri zaidi kwa mdomo wake, na maelekezo ya kazi umeyaacha kwa neno moja, "jadilini". Geuza. Maelezo yawe nukta fupi. Maelekezo na maswali yawe sentensi kamili za kusomwa kama zilivyo, maana wawezeshaji wanne wakitoa maelekezo manne tofauti utakuwa na warsha nne. Ukurasa wa kipindi cha 2 ungesomeka hivi:

Kipindi cha 2: Kumaliza hapa au kupeleka juu (dakika 45)

3:50, dakika 5. Onyesha slaidi "Mamlaka ya mhudumu". Nukta mbili: mhudumu anaruhusiwa kuamua nini, nani anapokea yaliyozidi.

3:55, dakika 4. Gawa vikundi 6. Kila kikundi: karatasi ya kisa, bango kitita 1, kalamu 1.

3:59, dakika 4. Soma: "Kwenye karatasi kuna malalamiko matano. Kwa kila moja amueni: tunalimaliza hapa, au tunalipeleka juu? Andikeni uamuzi na sababu moja. Mkimaliza, wekeni nyota kwenye lalamiko mlilobishania zaidi. Mna dakika 12." Kisha muulize mshiriki mmoja akurudishie maelekezo.

4:03, dakika 12. Washiriki wanafanya kazi. Wewe zunguka, usikae. Dakika ya 6, sema kwa sauti: "Nusu ya muda imekwisha, muwe mmefika lalamiko la tatu." Kikundi kilichokwama kwenye la kwanza, kiambie kiliruke.

4:15, dakika 10. Kikundi kimoja chote (dakika 3), vingine lenye nyota tu (dakika 1 kila kimoja).

4:25, dakika 10. Majadiliano. Maswali yapo ukurasa unaofuata.

Ukibanwa kwa dakika 10: toa malalamiko matatu badala ya matano, kazi iwe dakika 7, ruka swali la kwanza la majadiliano, mengine yaishe kwa dakika 5. Usiyafute majadiliano yote.

Mstari huo wa mwisho usiuache katika kipindi chochote. Mwezeshaji aliyechelewa hukata kilichobaki mwishoni, na mwishoni ndipo yalipo majadiliano, ndipo mtu anapopata maana ya kile alichokifanya. Mwambie mapema cha kukata.

Umeona pia nimeitaja slaidi kwa kichwa chake. Namba zitakusaliti siku mtu atakapoingiza slaidi moja katikati.

Yale malalamiko matano usiyatunge kwa haraka. Manne yawe mepesi kuamuliwa na moja liwagawe watu. Kwako ningeweka: bidhaa iliyofika imevunjika; mteja aliyetozwa mara mbili; mteja anayedai fedha zake kwa kitu alichonunua miezi sita iliyopita; mteja anayesema taarifa zake zimeonwa na mtu mwingine; na mteja anayesema amejibiwa vibaya na mhudumu, naye mhudumu ni mwenzako wa dawati la pili. Hilo la tano ndilo litakalopata nyota nyingi. Kulimaliza hapa ni kumficha mwenzako, kulipeleka juu ni kumchongea. Majadiliano yako yote yatasimama juu yake.

Na majadiliano ndiyo sehemu ya mwisho ninayotaka tuitazame kwa utulivu. Slaidi zako zina maswali mawili ya aina hiyo: "Kwa nini kusikiliza ni muhimu?" na "Je, kuna maswali?" La kwanza lina jibu moja ambalo kila mtu analijua, kwa hiyo atalijibu yule anayependa kujibu, na wengine watatikisa vichwa. La pili hufunga mazungumzo hata pale aliyeuliza alipotaka kuyafungua. Swali la majadiliano liwe na majibu mawili au zaidi ambayo watu wenye akili timamu wanaweza kuyatetea, na liegemee jambo walilolifanya dakika kumi zilizopita, si maoni yao kuhusu maisha.

Yapange yafuate njia: kwanza kilichotokea, kisha sababu yake, kisha kazini. Kwa kipindi hiki ningeandika matatu tu. "Lalamiko gani limepata nyota nyingi, na upande gani ulishinda ndani ya kikundi chenu?" Halafu: "Kitu gani kingebadilika kwenye kisa ili uamuzi wenu ugeuke?" Hili ndilo zito, lipe dakika 5. Mwisho: "Wiki iliyopita kazini, ni lalamiko gani mlilipeleka juu ambalo leo mngelimaliza wenyewe?" Chini ya kila swali andika unachotarajia kusikia, na la kufanya usiposikia. Mfano chini ya lile la pili: *Utasikia: kama mteja ana ushahidi, kama si mara ya kwanza. Wakisema "tunafuata taratibu", uliza: "Taratibu inasema nini pale mlalamikiwa anapokuwa mwenzako?"* Mwezeshaji mgeni bila mistari hiyo atapokea jibu la kwanza, atasema "vizuri sana", atasonga mbele.

Andika pia ukimya. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza vipindi vya sayansi shuleni katika miaka ya 1970, alikuta walimu wakisubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza kabla ya kusema tena. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Wale walikuwa watoto. Wako ni watu wazima, na huenda wakuu wao wa kazi wameketi palepale, kwa hiyo mimi huandika "hesabu kimya hadi 5". Ukimya ukiendelea, mwongozo umwambie awape watu dakika 2 wazungumze wawili wawili kisha awaite tena. Ni sura fupi ya mbinu aliyoieleza Frank Lyman, mwelimishaji wa Marekani, mwaka 1981: fikiri peke yako, zungumza na jirani, kisha lete kwa wote. Mtu asiyethubutu kusema "nilimficha mwenzangu" mbele ya watu 24 anaweza kusema "tumezungumza na jirani yangu tukaona kwamba…"

Kipindi cha 3 kitakuwa chepesi kukiandika ukishamaliza hiki. Weka watu watatu watatu: mteja, mhudumu, mtazamaji. Igizo dakika 4, maoni ya mtazamaji dakika 3, kubadilishana nafasi dakika 1. Mizunguko mitatu ni dakika 24, na hata wawe 36 muda ni uleule kwa kuwa hakuna anayewasilisha. Mtazamaji mpe karatasi yenye mambo matatu ya kutazama. Bila karatasi atasema "mmeigiza vizuri".

Kwa hesabu yangu mwongozo wako utaishia kurasa 12 hivi, bila kitini. Ukishamaliza, usiujaribu wewe mwenyewe, maana na wewe sasa una nusu ya warsha kichwani. Mpe mmoja wa wale wanne ambaye hajaziona slaidi, aendeshe kipindi cha 2 peke yake mbele ya wenzako wanane au kumi, wewe ukae nyuma na saa na kalamu, mdomo umefungwa. Andika dakika halisi ya kila hatua. Andika pia kila mahali anapoinua macho kukutafuta. Hapo pana sentensi inayokosekana. Kumbuka tu kwamba watu wanane ni vikundi viwili, kwa hiyo mrejesho utaonekana mfupi kuliko utakavyokuwa siku yenyewe. Usiipunguze ile 10 kwa sababu hiyo.

Kuna mambo mawili ambayo barua yangu haiwezi kukusaidia. La kwanza ni slaidi za 31 hadi 34, zinazozungumzia mhudumu aliyetukanwa au kutishwa na mteja. Ukigeuza hizo kuwa igizo dhima unaweza kumrudisha mtu kwenye jambo lililomuumiza kweli. Kabla ya kuandika chochote hapo, kaa ana kwa ana na mtu wa rasilimali watu au mshauri nasaha, mkubaliane kama zitabaki, na mshiriki akitoka nje akilia nani atamfuata. La pili ni mamlaka ya mhudumu, ile slaidi inayofungua kipindi cha 2: haisemi mwisho wa mamlaka hayo ni upi. Nenda kwa mkuu wa huduma kwa wateja akuandikie mpaka huo, kwa sababu vikundi 6 katika vituo vinne vitamuuliza mwezeshaji jibu sahihi la lalamiko la tano, na kwa sasa hana mahali pa kulitazama.